Faili na Mafuta Katika Mkoba Mmoja: Tiba ya Hospitali na Maombezi kwa Wagonjwa wa Maradhi ya Kudumu Mkoani Dodoma

Ikisiri

Makala hii inahusu wagonjwa wa Jiji la Dodoma na vijiji vya Chamwino na Bahi wanaohudhuria kliniki na wakati huohuo kuombewa kanisani au kusomewa kisomo. Walio wengi wana presha, kisukari, kifafa au virusi vya Ukimwi. Hoja yangu ni kwamba wagonjwa hawa wanajua wanachokitafuta katika kila mahali, na wanapanga safari zao za uponyaji kwa akili na kwa kushauriana na ndugu. Madhara niliyoyashuhudia yalitokea pale mgonjwa alipolazimika kuficha upande mmoja mbele ya watu wa upande wa pili.

Maneno ya msingi: uponyaji, maombezi, kisomo, tiba ya hospitali, Dodoma

Hospitali iliyokuja na kanisa

Maandishi mengi kuhusu imani na tiba huanza kwa kuvitenga vitu hivi viwili, kisha huuliza kwa nini watu wanavichanganya. Kwa Ugogo swali hilo limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoanzishwa 1927, injili, shule na zahanati vilikwenda pamoja vijijini. Hospitali ya Mvumi, iliyoko Chamwino, ni ya kanisa hadi leo. Bibi mmoja wa huko, aliyejifungulia watoto wake wodini enzi za masista wa kizungu, aliniambia kwamba hakumbuki kuchomwa sindano bila kwanza kusikia sala. Kwake yeye, nilipomuuliza lini alianza “kutumia vyote viwili”, swali halikuwa na maana. Vilikuja vikiwa kitu kimoja. Waliovitenganisha ni sisi tuliokuja baadaye na madaftari yetu.

Hata maombezi yenyewe yana historia ndefu ndani ya makanisa ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mlei Mwanglikana Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliendesha huduma ya kuombea wagonjwa iliyovuta umati mkubwa. Kwa hiyo si sahihi kuyaona maombezi kama jambo lililoletwa na manabii wa vipaza sauti wa miaka hii. Waislamu nao, hasa watu wenye asili ya Kondoa wanaoishi mjini, wana kisomo, ruqya, yaani aya na dua anazosomewa mgonjwa, na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Hayo yote yalikuwapo kabla Hospitali ya Benjamin Mkapa haijajengwa pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mbinu

Nilizungumza na wagonjwa majumbani kwao, nikakaa kwenye mabenchi ya kliniki, nikahudhuria ibada za katikati ya wiki na mikesha ya Ijumaa. Nilizungumza pia na wachungaji, masheikh, wauguzi na waganga wafawidhi. Majina ya watu, makanisa na vituo nimeyaacha yote, kwa sababu Dodoma, pamoja na ukubwa wake wa sasa, bado ni mji ambao mtu humtambua jirani yake kwa maelezo mawili tu. Mimi mwenyewe ni muumini. Washiriki walilijua hilo, na naamini ndiyo sababu walinisimulia mambo ambayo hawayasemi dirishani pa dawa.

Nani anaamua

John Janzen, aliyefanya utafiti kwa Wakongo na kuuchapisha 1978, alionyesha kwamba mgonjwa mara nyingi hajiamulii mwenyewe. Kundi la ndugu ndilo linalojadili, kuchagua mponyaji na kubeba gharama. Hilo bado ni kweli Dodoma, ila kundi limepanuka. Siku hizi lina shemeji aliyeko Dar es Salaam anayetuma nauli kwa simu, lina wanajumuiya wa mtaani, lina mama mchungaji, na lina grupu la ukoo la WhatsApp ambalo picha ya cheti cha daktari na ombi la maombi hutumwa kwa pamoja.

Mzee mmoja wa Bahi, mwenye presha iliyomletea kiharusi, alinieleza mpangilio wa nyumbani kwake. Mtoto wa kwanza alisimamia hospitali kwa sababu ana bima iliyomtambua baba yake. Binti wa pili, aliyeolewa Nkuhungu, alisimamia maombi. “Sikuchagua mimi, mwanangu,” alisema. “Huyu alinishika mkono wa kulia, yule wa kushoto. Ningeukataa mmoja ningemfukuza mtoto.” Kauli hii ilinifundisha kuangalia tiba kama sehemu ya wajibu wa kifamilia. Kumwombea baba ni kazi anayoiweza binti asiye na mshahara, na kazi hiyo inaheshimiwa. Daktari anayemwambia mgonjwa aachane na maombi, bila kujua, anamnyang'anya binti huyo nafasi yake katika kumuuguza mzazi.

Wagonjwa walitofautisha vizuri pia maswali wanayoyapeleka. Hospitali iliulizwa: ni ugonjwa gani, dawa gani, kwa muda gani. Maswali kama kwa nini mimi, kwa nini mwaka huu wa ukame, na nitamwelezaje mume wangu, yalipelekwa kwa mchungaji au sheikh. Muuguzi mwenye foleni inayofika nje hana nafasi ya kuyajibu, hata kama moyo anao. Mwombeaji anayo saa nzima, anakaa chini, anashika mkono, anataja jina la mgonjwa mbele za Mungu. Ni kosa kuuita muda huo faraja tu. Mama mwenye kisukari aliniambia kwamba baada ya kuombewa ndipo alipopata nguvu ya kujidunga insulini mwenyewe. Kabla ya hapo mkono ulikuwa unatetemeka.

Kipimo kama ushuhuda

Sikutegemea kukuta vipimo vikiwa na heshima kubwa hivyo madhabahuni. Katika kanisa moja la Kipentekoste, mtu haruhusiwi kutoa ushuhuda wa kuponywa mpaka arudi hospitali kupima, na mzee wa kanisa huisoma karatasi kabla hajapewa kipaza sauti. Mchungaji alinieleza sababu: “Mungu haogopi maabara.” Hapa imani haijaikataa sayansi, imeikabidhi kazi ya shahidi.

Lakini shahidi huyo anaweza kueleweka vibaya, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi akimeza dawa vizuri, wingi wa virusi katika damu hushuka hadi kipimo kisivione, chini ya nakala 50 kwa mililita. Akidumu hivyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Washauri kliniki husema, kwa furaha ya haki, “virusi havionekani.” Maneno hayohayo yakifika kwenye ibada husikika kuwa “virusi havipo.” Kumbe bado vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa ikiachwa hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliacha dawa kwa njia hii. Hakuna mchungaji aliyemwagiza aache. Aliona aibu kuendelea kumeza vidonge baada ya kushuhudia mbele ya watu kwamba amepona, maana kumeza kungeonekana kama kumfanya Mungu mwongo. Aliporudi kliniki amekonda, aliandikwa mtoro, na aliogopa kusema sababu.

Jirani yake, mama muuza mbogamboga Soko la Majengo, alipokea majibu yaleyale na akayaelewa vingine. “Bwana amevifungia ndani,” alisema, “na kidonge ndicho kufuli alilonipa. Nani anaomba Mungu amfungie mlango halafu anatupa kufuli?” Hajawahi kuruka dozi, na kila siku huombea vidonge kabla ya kuvimeza. Tofauti kati ya watu hawa wawili haipo katika kiasi cha imani yao. Huyu mama alikuwa na kikundi cha maombi kinachojua hali yake na kilichoona dawa kuwa jibu la sala. Kijana alikuwa peke yake na ushuhuda wake.

Nchi nzima inakumbuka 2011, watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Washiriki wangu waliokwenda hawaisimulii safari hiyo kwa kujuta. Wanasimulia barabara, foleni ya magari, na wagonjwa waliokuwa wakisaidiana kugawana maji na uji. Mmoja alibeba dawa zake za presha na kuzimeza njiani, kwenda na kurudi. Mtafiti anayehesabu tu nani alipona na nani hakupona anaupoteza ushahidi huu wote.

Kufunga na dozi

Kifafa kilinionyesha upande mgumu zaidi. Degedege na kuanguka huhusishwa na pepo katika makanisa kadhaa na katika baadhi ya visomo, na familia huambiwa zifunge na kuomba. Tatizo huanza mtoto mwenyewe anapofungishwa, akakosa chakula, usingizi na dawa kwa pamoja. Kukesha na kukatiza dawa ghafla ni mambo yanayoamsha kifafa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi akifunga bila kurekebisha dozi, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hali hiyo ikitokea kwenye mkesha inaweza kudhaniwa kuwa pepo anatoka. Nililishuhudia hilo, na aliyemwokoa mgonjwa ni mwanakwaya ambaye ni mhudumu wa afya wa jamii; alimpa soda, kisha maombi yakaendelea.

Viongozi wa dini niliozungumza nao hawakuwa wazito kuelewa. Sheikh mmoja alinikumbusha kwamba Kurani yenyewe inamruhusu mgonjwa kuacha kufunga na kulipa siku nyingine, na kwamba anayejidhuru kwa funga hajamtii Mungu. Mchungaji wa eneo la Kikuyu, hapa jijini, alianza kuwatangazia wenye kisukari wafunge maneno, simu na manung'uniko, wale chakula na wameze dawa. Hakuna aliyewahi kuwauliza kabla ya hapo, wala kuwaalika kwenye kikao chochote cha kituo cha afya.

Kliniki nazo zinaweza kubadilika kwa gharama ndogo. Katika kituo kimoja muuguzi wa zamu ya kisukari amezoea kumuuliza kila mgonjwa, kwa sauti ileile anayoulizia uzito: “Mama, mwezi huu mna mfungo? Unaombewa wapi?” Hakunji uso. Jibu analiandika kwenye faili, anampangia mgonjwa saa za dawa kufuatana na mkesha, na akiona siku za hatari anaomba ruhusa ya kumpigia mchungaji. Wagonjwa wake ndio walionionyesha mikoba yao bila kusita: faili la kliniki, vidonge ndani ya bahasha ya kaki, na chupa ndogo ya mafuta ya upako. Wa kituo cha jirani, ambako nesi alishawahi kumgombeza mtu kwa sababu ya mafuta hayo, huyaacha kwa muuza karanga nje ya geti na kuyachukua wakitoka.