Mpango wa Mawasiliano ya Dharura: Unga wa Mahindi Wenye Sumukuvu, Mafungu 114 na 115

Kwa: wakurugenzi, kitengo cha ubora, mauzo, maghala na walinzi wa lango
Kutoka: kamati ya dharura, kiwanda cha Changamwe
Unaanza kutumika: Jumanne, saa 12 asubuhi

Tunachokijua

Vipimo vya maabara huru vimeonyesha jumla ya aflatoksini ya mikrogramu 31 kwa kilo katika fungu 114, na 24 katika fungu 115. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni 10. Mafungu yote mawili yalitokana na malori mawili ya mahindi yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa asilimia 15.2, ilhali kikomo ni 13.5. Kipimo kilifanyika na kuandikwa daftarini, na mahindi yakapakuliwa hata hivyo kwa sababu ghala lilikuwa tupu na oda zilikuwa zinasubiri.

Robota zilizosagwa ni 1,850, kila moja ina pakiti 12 za kilo 2. Robota 610 ziko ghalani na zimefungiwa. 840 ziko kwa wauzaji wa jumla wa Kongowea, Likoni na Mtwapa, na tuna stakabadhi zao. Zilizobaki, 400, zimeshaingia madukani na majumbani. Hizi pakiti 4,800 ndizo sababu ya mpango huu. Nyingine zote zinarudishwa kwa simu na lori.

Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa mpaka sasa. Sentensi hii isisemwe hadharani kama faraja. Sumukuvu ikiingia mwilini kidogo kidogo huumiza ini polepole, na Kenya haijasahau mwaka 2004, ilipoua watu 125 katika mlipuko uliokumba zaidi Makueni na Kitui.

Tumesimama wapi

Nadharia ya Timothy Coombs ya mawasiliano kulingana na hali ya mgogoro huanza na swali moja: watu watamtwika nani lawama? Majibu yake yako makundi matatu. Kampuni inaweza kuwa mwathiriwa yenyewe, kama mtu wa nje alipotia sumu katika dawa ya Tylenol huko Chicago mwaka 1982. Inaweza kuwa imepatwa na ajali, mfano mashine kuharibika bila dalili. Au jambo lingeweza kuzuilika na halikuzuiwa.

Sisi tuko kundi la tatu. Katika kikao cha jana ilipendekezwa tuseme ni ajali ya msimu wa mvua. Daftari la lango halituruhusu. Isitoshe, mwaka juzi tulirudishiwa unga wenye wadudu, na nadharia iko wazi kwamba historia ya namna hiyo huongeza uzito wa lawama: hata ingekuwa ajali, umma ungeipokea kama uzembe.

Kwa hiyo mkakati ni kujenga upya, yaani kuomba radhi waziwazi na kulipa. Kukana, kumsukumia lawama mwuza mahindi au kupunguza uzito wa jambo havitumiki, hata kwa sentensi moja ndani ya taarifa nzuri. Anayeomba radhi huku akitafuta wa kulaumu hubaki bila faida ya radhi na bila faida ya utetezi. Madai yetu dhidi ya mwuza mahindi yataendeshwa na wakili, kimya.

Kukumbusha watu mema yetu ya zamani kunaruhusiwa na nadharia kama nyongeza tu. Sisi tunaliacha kabisa kwa wiki nne za kwanza. Mama aliyempikia mtoto uji wa unga huu asisikie habari za futari tuliyogawa Ramadhani.

Mpangilio wa maneno

Kabla ya jina la kampuni kutetewa, watu waambiwe la kufanya ili wasidhurike. Kisha wapewe pole na maelezo ya kilichotokea. Radhi na malipo hufuata. Mpangilio huu usigeuzwe, hata na mwanasheria.

Saa 12 asubuhi: Meneja wa Ubora awasilishe matokeo kwa KEBS na idara ya afya ya umma ya kaunti, na orodha ya maduka. Saa 1: mauzo wapigie simu kila muuzaji wa jumla, wasitume ujumbe kabla ya simu kupokelewa. Saa 2: Mkurugenzi Mkuu asome taarifa langoni, mwenyewe. Tunajitangaza kabla hatujatangazwa, kwa sababu habari mbaya ikitoka kinywani mwa mwingine kwanza, kila tutakalosema baadaye litaonekana tumelazimishwa.

Saa 3: tangazo la redio, Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na Radio Kaya, lirudiwe kila saa hadi usiku kwa siku tatu. Machifu na maimamu wapelekewe karatasi ya maelezo kwa mkono. Ijumaa na Jumapili ziko karibu, na kuna nyumba ambazo hazifikiwi na simu janja. Mabango yabandikwe kivuko cha Likoni pande zote mbili, tukishapata kibali.

Tangazo la redio

"Tahadhari kwa wanunuzi wa unga wetu wa mahindi wa kilo 2. Tazama nyuma ya pakiti. Ukiona namba 114 au 115, usile na usimpe mtu. Kuchemsha au kusonga sima hakuondoi sumu hii. Usiwape kuku wala ng'ombe, na usimwage. Rudisha duka lolote linalouza unga wetu, hata pakiti ikiwa imefunguliwa, hata bila risiti. Utalipwa shilingi 200 papo hapo. Ukiona macho ya manjano, kutapika au tumbo kuvimba, nenda hospitali leo. Tulipokea mahindi ambayo hatukupaswa kuyapokea. Kosa ni letu. Tunaomba radhi."

Neno "iwapo" limeondolewa makusudi. "Tunasikitika iwapo kuna aliyeathirika" si radhi.

Pesa na maduka

Pakiti zilizotoka ni 14,880. Tengeni shilingi milioni 3. Mpango wa aina hii huvunjikia kwa mwenye duka: akiambiwa alipe wateja kisha asubiri wiki mbili arudishiwe, atawafukuza. Kila duka litumiwe kwa M-Pesa fedha za pakiti 10 mapema, na liongezewe jioni hiyo hiyo. Pakiti zote zihesabiwe, zipigwe picha na zifungiwe hadi ziharibiwe mbele ya maafisa wa KEBS na NEMA. Pakiti moja ikionekana ikiuzwa tena Kongowea, radhi yetu imekwisha. Gharama za vipimo vya hospitali tutalipa kwa atakayeleta pakiti au ushahidi wa duka alilonunua, bila kumtaka asaini chochote.

Msemaji na maswali

Msemaji ni Mkurugenzi Mkuu. Asipokuwepo, Meneja wa Ubora. Walinzi na madereva waseme: "Sina ruhusa ya kulieleza, lakini namba ya bure iko nyuma ya pakiti."

Mlijua lini? "Maabara ilitupa jibu jana jioni. Unyevu tuliujua siku mahindi yalipoingia, na hapo ndipo tulipokosea."

Mafungu mengine? "Tumesimamisha usagaji. Tunapima mafungu yote yaliyosagwa ndani ya siku 30, na kila matokeo yatatangazwa, mabaya pia."

Nani amefukuzwa? "Uchunguzi unaendelea. Hatutamtoa mfanyakazi mmoja kafara."

Uvumi wa WhatsApp ujibiwe kwa picha ya namba ya fungu, si kwa mabishano.

Kipimo cha kazi

Kila jioni saa 11: pakiti zilizorudi, kwa eneo. Eneo ambalo chini ya nusu imerudi baada ya siku tatu lipelekewe gari la kipaza sauti na watu wawili wa kutembelea maduka. Usagaji hauanzi tena mpaka mafungu matatu mfululizo yapite katika maabara huru, na lango liwe na kufuli ambayo Meneja wa Ubora pekee ndiye anaifungua.