Kumbukumbu za Mwaka wa Kwanza kwa Wazazi wa Mtoto Aliyezaliwa tarehe 5 Januari 2026, Bweyale

Mama na Baba mpendwa,

Kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani, mtoto wenu alipewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio. Baada ya wiki chache, mahali alipochomwa sindano, mkononi, huenda pakavimba, pakatoa usaha kidogo na kuacha kovu. Hiyo ni kawaida, kwa hiyo msipakamue wala kupapaka dawa.

Hadi atimize miezi sita, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, kila anapotaka, usiku na mchana, mara nane au zaidi kwa siku. Najua bibi watakuja na maji ya glukosi au mizizi ya kuchemsha, nao wana nia njema. Waambieni kwa heshima kwamba maziwa yana maji ya kumtosha hata wakati wa jua kali, na kwamba kikombe kisicho safi huleta kuhara.

Siku yetu ya chanjo ni Jumatatu. Mleteni tarehe 16 Februari, akiwa na wiki sita, siku ambayo mama naye atapimwa. Kisha tarehe 16 Machi na 13 Aprili. Katika kila ziara hiyo atapewa matone ya polio, chanjo ya nimonia na ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na Hib, yaani bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya kuhara ya rota huanza pia Februari, na tarehe 13 Aprili ataongezewa sindano ya polio. Mkichelewa, msikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Njooni Jumatatu inayofuata, kwani chanjo haianzwi upya.

Tarehe 6 Julai, 10 Agosti na 7 Septemba ni za chanjo ya malaria, ambayo Uganda iliianzisha Aprili 2025. Hata akishaipata, mtoto aendelee kulala ndani ya neti. Julai hiyo atapewa pia vitamini A.

Chakula cha nyongeza kianze Julai, huku akiendelea kunyonya. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, uchanganywe na karanga zilizosagwa au unga wa mukene. Matoke yapondwe pamoja na maharage, naye apewe yai na parachichi. Aanze na milo miwili au mitatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa iwe mitatu au minne. Asipewe asali kabla ya mwaka mmoja.

Tarehe 5 Oktoba atachanjwa surua na rubela, pamoja na homa ya manjano. Dozi ya pili ya surua na rubela na ya nne ya malaria zitakuwa Julai 2027.

Kadi ya mtoto msiiache nyumbani hata siku moja. Akikataa kunyonya, akipumua kwa kasi, akishikwa na degedege au akipata homa, msingoje Jumatatu: mleteni saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mkunga wa zamu, wodi ya wazazi