Tangazo jipya la kitabu cha kahawa, tayari kubandikwa

Dada, tangazo lako nimeliandika upya lote. La kwanza lilikuwa na mistari sita ya shukrani kabla ya jina la kitabu, na Wasap hukata ujumbe mrefu na kuandika "Soma zaidi". Asiyekufahamu angepita kabla hajajua unauza nini. Shukrani zibaki ndani ya kitabu. Libandike hili kama lilivyo:

*Kahawa nzuri huharibikia uani, baada ya kuchumwa.*
*Kahawa Safi ya Mlimani* ni kitabu kipya kwa mkulima wa arabika wa Mlima Elgon. Kurasa 96, Kiswahili chepesi, shilingi 20,000.

Kinaanza pale kikapu kinapotuliwa na kuishia pale gunia linapofungwa. Kupanda na kupogoa hakumo. Soma ukurasa wa 31:

"Kabla ya kukoboa, mimina kahawa mbivu kwenye pipa la maji. Zinazoelea zitoe: nyingi ni tupu, zimekaukia mtini au zimetobolewa na wadudu. Zilizozama zikoboe siku hiyo hiyo. Ukizilaza kwenye gunia hadi kesho zinapata joto na kuanza kuchacha, na ladha hiyo haitoki tena kwa kuosha.

Ukishakoboa, vundika ili ute ulegee. Usitegemee saa peke yake, maana kwenye baridi ya Kapchorwa ute huchelewa kuliko kwenye joto la Mbale mjini. Chukua kiganja cha punje, zioshe, uzisugue. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, osha zote papo hapo. Ukichelewa zinanuka siki."

Sura ndefu kuliko zote ni ya kukausha: jinsi ya kutengeneza kichanja cha miti na wavu, kwa nini tabaka lisizidi sentimita 3 siku za mwanzo, kwa nini jua la saa sita linapasua ganda la ndani usipofunika, na jinsi ya kujua kahawa imefika unyevu wa asilimia 11 hadi 12. Kahawa iliyoanikwa chini hubeba harufu ya udongo hadi kikombeni, na mnunuzi huikata bei kwa hilo.

Mbale: kinapatikana duka la pembejeo lililo karibu na mnara wa saa, Jumatatu hadi Jumamosi. Kampala, Jinja na Kapchorwa: lipa kwa mobail mani, kitabu kitapakiwa kwenye basi kesho yake, nauli ya kifurushi analipa mpokeaji. Namba ya kuagiza iko kwenye picha.

Mwisho wa tangazo.

Hilo la namba kwenye picha usilibadilishe. Watu wakisambaza picha, maelezo ya chini yanaweza kuachwa nyuma, na anayejibu ujumbe uliosambazwa humjibu aliyemtumia, si wewe. Kwa hiyo jina la kitabu, bei na namba viandikwe juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo bila kukuza. Picha ipigwe asubuhi, kitabu kikiwa kimelala juu ya kichanja chenye kahawa. Ile ya jalada tupu kwenye ukuta mweupe haimwambii mkulima kwamba ni chake. Nyota zilizo pande mbili za maneno ziache; Wasap ndiyo inayozigeuza kuwa herufi nzito.

Nimeondoa "kitabu bora kuliko vyote Uganda". Mwandishi ambaye watu hawajamsikia hawezi kuaminiwa kwa sifa anazojipa, lakini jaribio la kusugua punje mkulima atalifanya jioni hiyo hiyo na kujionea kama unaijua kazi. Ndiyo maana nimechagua ukurasa wa 31 badala ya utangulizi, ambao ni mzuri ila haumfundishi mtu kitu. Ukilazimika kufupisha kwa ajili ya kundi lisilopenda ujumbe mrefu, kata aya ya kukausha, usiguse dondoo. Pia "kinapatikana madukani kote" nimelitoa, kwa sababu mtu wa Soroti akizunguka maduka asikione hatakitafuta tena.

Usilitume kwenye makundi yote siku moja. Anza na makundi mawili ya vyama vya wakulima, uone wanauliza nini. Wakiuliza jambo ambalo jibu lake limo kwenye tangazo, sentensi hiyo imejificha. Ipandishe juu kabla ya kuendelea. Wakiuliza kama kitabu kinafaa kwa robusta, wajibu wazi kwamba hakifai, maana robusta wengi wao huianika na maganda yake na hatua hizi haziwahusu.