Tangazo la operesheni ya jicho la Bibi: la wazee na la vijana

Dada, shikamoo.

Tangazo la Bibi limekamilika, ila nimeliandika mara mbili. Jana usiku lilikuwa moja. Nikalisoma kwa sauti nikaona halikai: kwa wazee lilisikika kama linawaamrisha, na kwa wadogo zetu lilikuwa refu mno, nusu yao wangeishia kwenye salamu. Siku, saa na masharti ya daktari ni yaleyale pande zote mbili. Nimevihakiki kimoja kimoja, asije mzee akasikia Alhamisi na kijana akasikia Ijumaa.

La wazee naomba usilitume tu. Wale wasiosoma meseji wapigie simu uwasomee kama lilivyo, taratibu, bila kuruka salamu. Maneno ya kwamba habari hii ni ya heri nimeyatanguliza makusudi. Babu mdogo akisikia neno hospitali kabla ya hayo, hatasikia tena lingine lolote.

LA WAZEE

Wazee wetu wapendwa, shikamooni.

Babu na bibi zetu, baba wakubwa na baba wadogo, mama wakubwa na mama wadogo, wajomba na mashangazi, tunawaamkia nyote kwa heshima. Ni matumaini yetu kwamba barua hii inawakuta wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, na mama yenu, ambaye kwa wengine wenu ni dada, hajambo, anakula vizuri na anawasalimu sana.

Habari tunayoileta ni ya heri, kwa hiyo tunaomba msiipokee kwa hofu.

Kama mnavyojua, kwa muda sasa macho ya mama yenu yamekuwa yakififia. Mwanzo alisema ni ukungu wa asubuhi. Baadaye akawa hamtambui mtu mpaka asikie sauti yake, na siku za karibuni ameacha hata kutoka nje jioni. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, naye akatueleza kuwa ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Umri ukisogea, kioo hicho hupata ukungu. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kudondoshea inayouondoa. Unaondolewa kwa operesheni, na pale kilipokuwa kioo cha zamani huwekwa kingine kipya.

Operesheni hiyo itafanyika siku ya Alhamisi, tarehe 19 mwezi huu, kwa jicho la kulia. Atatakiwa kufika hospitali saa mbili asubuhi, na Mwenyezi Mungu akijalia atarudi nyumbani siku hiyohiyo jioni. Ijumaa asubuhi atapelekwa tena kuangaliwa. Jicho la kushoto litasubiri mpaka hili lipone.

Tunajua yako maneno yanayosemwa kuhusu operesheni za macho, na mama yenu mwenyewe ameyasikia. Kwa ruhusa yenu tunaomba tuyaseme wazi. Jicho halitolewi nje. Hatapewa dawa ya usingizi ya kumlaza kabisa. Litatiwa ganzi jicho tu, naye atakuwa macho akimsikia daktari. Kazi yenyewe kwa kawaida haimalizi saa moja.

Baada ya hapo daktari ameagiza dawa ya matone mara 4 kwa siku kwa muda wa wiki 4. Ameagiza pia asiliguse wala kulisugua jicho, asiinue kitu kizito, asiiname kwa muda mrefu, na akae mbali na moshi na vumbi. Kazi hizo zote tumezigawa kwa wajukuu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi kwamba atabaki peke yake. Gharama nazo zimekwisha kushughulikiwa, hatukuja kuomba mchango.

Tuliyoyaleta mbele yenu ni maombi matatu.

La kwanza ni la kumtia moyo. Ameridhia operesheni, lakini usiku huamka akauliza kama tuna hakika. Sisi ni watoto kwake, na neno letu lina mpaka. Neno la mdogo wake au la mwanawe mkubwa lina uzito ambao sisi hatuna. Tutashukuru sana kama kati ya sasa na Jumatano kila mmoja wenu atampigia simu kidogo, amwombee na amtakie heri.

La pili, tunaomba mtuteulie mmoja wenu wa kukaa naye hospitalini siku ya Alhamisi. Sisi tutakuwepo kwa kazi za kutumwa, lakini panapohitajika kauli ya familia tungependa itoke kwa mkubwa. Uamuzi huo ni wenu, nasi tutaufuata. Tunaomba tu utufikie kabla ya Jumatatu jioni ili tupange usafiri wake.

La tatu tunalisema kwa unyenyekevu, na mtusamehe kama tumevuka adabu. Tunajua mtakuja kumjulia hali, naye atafurahi mno kuwaoneni. Daktari ameshauri apumzike siku mbili za mwanzo, kwa hiyo mlango utakuwa wazi kwenu kuanzia Jumapili. Na katika muda wote wa kupona, tunaomba jicho lisitiwe kitu kingine chochote zaidi ya dawa ya hospitali, hata kama ni dawa iliyowahi kumsaidia mtu tunayemfahamu. Jicho lililotoka kwenye operesheni lina kidonda, na kidonda hicho kikiingiwa na uchafu anaweza kupoteza hata uoni alionao sasa.

Kama lipo tulilolisahau, tunaomba mtukumbushe. Kama lipo tulilolikosea, mturekebishe. Nyinyi ndio mliotutangulia.

Tunaomba dua zenu.

Ni sisi watoto na wajukuu wenu.

Dada, hapo ndipo la wazee linapoishia. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimejisumbua na "mama yenu, ambaye kwa wengine wenu ni dada" badala ya kusema Bibi. Ni kwamba wao hawana bibi huyu. Mama mkubwa akisoma "Bibi" anasikia habari ya wajukuu. Akisoma "mama yenu" anasikia habari yake, na ndiye tunayetaka ampigie simu. Kwa vijana nimeacha "Bibi" tupu, kwa sababu kila mmoja wao ana Bibi wake kichwani na hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la dawa za kienyeji kwao nimelisema waziwazi, kwa kuwa watakaokuwa nyumbani mgeni akija na kichupa chake ni wao. Hili la chini liweke kwenye kundi leo usiku, wakati wote wapo kwenye simu.

LA VIJANA

Mambo wana! Wote freshi?

Bibi anafanyiwa operesheni ya jicho ALHAMISI TAREHE 19. Msianze kupaniki. Ni mtoto wa jicho, kitu kinachotibika, na jioni hiyohiyo yuko nyumbani. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye.

Wazee wameshaandikiwa meseji yao, kwa hiyo yeyote asiwapigie na toleo lake la habari. Ukiulizwa na mkubwa, jibu hivi: ni mtoto wa jicho, jicho halitolewi, atakuwa macho, ganzi ni ya jicho tu. Basi. Usiongeze chumvi.

Sasa tujipange, maana hapa ndipo penye kazi.

Matone ni mara 4 kwa siku, wiki 4. Pigeni hesabu: ni mara 112. Hakuna mtu mmoja wa kuyaweza hayo bila kusahau, ndiyo maana tunaingia zamu, watu wawili kwa kila wiki. Wiki ya kwanza ni mimi na dada, maana ndiyo ngumu. Wiki ya pili, ya tatu na ya nne ziko wazi. Andika hapa chini wiki unayoitaka kabla ya Jumapili usiku. Ukiuchuna utapangiwa, na ukishapangiwa hakuna kula kona.

Jinsi ya kuweka tone, someni hata kama mnadhani mnajua: nawa mikono kwa sabuni. Mwambie Bibi aangalie juu. Vuta kope ya chini taratibu, dondosha tone moja, na ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Afumbe jicho dakika moja au mbili bila kulibana. Halafu weka alama kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani, ili wa zamu inayofuata asikisie kama dawa imetiwa au bado. Tegesheni alamu, msitegemee kumbukumbu.

Kazi za nyumbani ni zetu zote mwezi huo. Bibi hainui ndoo, hafagii, hakai jikoni kwenye moshi. Mnamjua, atasema "niacheni nijinyooshe" halafu mtamkuta ameshika ufagio. Mnyang'anyeni kwa mapenzi. Usiku alale na kile kikinga jicho watakachompa hospitali, maana mtu akiwa usingizini hujisugua bila kujua.

Mgeni akija na dawa yake ya macho, iwe ya majani, ya maji au ya chupa, haiingii kwenye jicho la Bibi. Usibishane na mkubwa. Sema: "Shikamoo, asante sana, daktari amekataza nyingine yoyote," ipokee kwa mikono miwili, uiweke pembeni, kisha nipigie. Mimi nitaongea naye.

Hii msiisahau hata mkisahau mengine: Bibi akisema jicho linamuuma na maumivu yanazidi, au likawa jekundu zaidi ya jana, au uoni ukashuka ghafla, ni hospitali SAA HIYOHIYO. Msisubiri asubuhi, msisubiri nijibu meseji. Nendeni, mtanipigia njiani.

Wageni ni kuanzia Jumapili. Alhamisi jioni mpaka Jumamosi nyumba itulie, muziki chini, marafiki zenu wasubiri.

Na picha. Naombeni kabisa, hakuna kumweka Bibi stetasi akiwa amefungwa jicho. Hajawahi kutoka nje bila kujitengeneza, tusimtoe sisi. Siku atakapofunguliwa akaona vizuri, tutamuuliza mwenyewe kama anataka picha.

Kitu cha mwisho. Bibi anaogopa, ila kwetu hasemi. Kuanzia leo mpaka Jumatano kila mtu ampigie. Usianze na operesheni. Mwamkie, mpe stori zako, mchekeshe. Wewe uliye mbali usitume sauti iliyorekodiwa, piga, akusikie unavyomjibu. Juzi alimtambua mtoto wa mjomba kwa kikohozi tu kabla hajasema neno, akafurahi siku nzima.

Ukishasoma andika "nimesoma" na wiki yako. Naanza kuhesabu majina sasa hivi.