Wifi, sebule nipake rangi gani?

Shikamoo wifi. Hiyo picha ni sebule yetu hapa Rau. Fundi anaanza Jumamosi, anataka nimtajie rangi. Mimi nataka kijivu kama cha zile nyumba mpya, kaka yako ameng'ang'ania krimu. Makochi hatubadilishi. Niamulie.

Marahaba wifi yangu. Nimeikuza hiyo picha nikaikagua kona kwa kona. Safari hii niko upande wa kaka yangu, ila si krimu anayoiwaza yeye.

Kwanza umepiga taa ikiwaka. Vitambaa vya kochi, ambavyo najua ni vyeupe pee, vimetoka rangi ya samli, kwa hiyo hata huo ukuta siuamini. Zima taa, piga tena saa nne asubuhi, na ubandike karatasi nyeupe ukutani nipate cha kulinganishia.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni dirisha. Kwenye kona ya juu naona Kibo, maana yake linatazama kaskazini. Desemba jua la mchana liko kusini kwetu, halilifikii. Juni na Julai linahamia kaskazini, lakini ndiyo miezi Moshi inashinda na mawingu, halafu paa la baraza nalo linakinga. Na hiyo migomba hapo nje inaingiza mwanga wa kijani. Kijivu humo kitapooza. Julai mtakaa sebuleni kama abiria wa alfajiri stendi.

Sasa vyombo. Makochi maruni, sakafu ya simenti nyekundu, kabati la mninga: wekundu umeshatosha, tena unapanda mpaka ukutani. Angalia chini, nyuma ya kochi la watu watatu. Krimu ya kaka yangu yenye njano nyingi, jioni chini ya taa hiyo, itakuwa chungwa. Kijani nacho hapana, maruni ikikaa karibu nacho inazidi kuwaka. Chukua ofu-waiti yenye joto kidogo, na dari ibaki nyeupe kabisa. Kijivu chako kiweke kwenye pazia. Hilo la dhahabu limeshachoka, nisamehe.

Chukua rangi ya silki, uchafu unafutika juu yake. Naona alama za vidole vya watoto pale swichi.

Halafu wifi, chini ya dirisha kushoto kuna unga mweupe na rangi imeanza kuvimba. Hiyo ni chumvi ya unyevu. Fundi akipaka juu yake itabanduka tena. Jueni kwanza maji yanaingilia wapi, ukuta ukauke, akwangue ndipo apake. Ikibidi Jumamosi iahirishwe, iahirishwe.

Kama chumba ni mita nne kwa nne, kwa mikono miwili lita tisa hivi zinatosha, maana lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Asikununulishe ndoo ya lita 20. Anza na kopo dogo, paka kwenye boksi, lisimamishe karibu na kochi asubuhi na usiku, unitumie picha zote mbili.