Shukrani kwa Mama Mwalimu, siku ya kupokea vyeti vyetu vya kwanza

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanafunzi wa darasa la watu wazima, ukumbi wa parokia, Kadutu, Bukavu)

Baba Padri, Bwana Shefu wa mtaa, wazee wetu, waume na wake zetu, watoto na wajukuu mliokuja kutushika mkono, jambo kwenu wote. Na wewe Mama Mwalimu, jambo sana.

Wenzangu wamenituma niseme kwa niaba yao. Karatasi hii tumeiandika sisi wenyewe. Kila mmoja alitoa neno lake, tukakaa nyumbani kwangu, tukaliandika. Mama Mwalimu hakuonyeshwa hata mstari mmoja, kwa sababu maneno haya ni yake.

Watoto mliopo hapa huenda mnajiuliza kwa nini babu na bibi zenu wanapokea cheti cha kusoma leo, wakati nyinyi mlikipita zamani. Mimi nilikuwa na umri wa kuingia darasa la kwanza mwaka 1967. Mwezi wa nane wa mwaka ule mamluki wa yule Mbelgiji Schramme waliiteka Bukavu, wakaishika hadi mwezi wa kumi na moja. Sisi tulikuwa tumekimbilia Walungu, kwa ndugu za mama. Tuliporudi, kaka zangu walipelekwa shuleni, mimi nikapelekwa shambani. Dada zetu wadogo tuliosoma nao, wao ilikuwa vita ya 1996. Na hata waliopona vita, miaka ile wazazi ndio waliobeba mshahara wa walimu. Asiyekuwa na pesa, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Shule ya msingi ya bure ilianza mwaka 2019. Tunashukuru kwamba wajukuu wetu wameikuta.

Ndiyo maana tulipoingia katika ukumbi huu mara ya kwanza, wengi wetu tulikaa karibu na mlango. Mtu mwenye mvi akikaa karibu na mlango, anatafuta njia ya kutoka.

Mama Mwalimu, wewe hukuanza na a, e, i, o, u. Ulituuliza tunauza nini. Mmoja akasema makala ya kupikia, mwingine mihogo, mimi nikasema sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ukaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: sa-mba-za. Ukasema neno hili mnalitamka kila siku tangu asubuhi hadi jioni, leo mtaliona uso wake. Halafu ukalikata vipande. Sa, se, si, so, su. Mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Za, ze, zi, zo, zu. Ukatuambia tuchague vipande wenyewe na kuviunganisha. Mzee wetu sentineli, yule aliyekaa pale mbele, akasimama akaunganisha si na mba, akasoma «simba». Mama muuza makala akapata «mbuzi». Ukumbi wote ulipiga vigelegele. Siku ile hatukukaa tena karibu na mlango.

Katika hesabu ulituheshimu zaidi. Uliuliza kilo tatu na nusu za sambaza ni pesa ngapi, mteja akitoa dola nawe ukimrudishia franka, unambakizia ngapi. Tulijibu kabla hujashusha chaki. Ukasema: «Hesabu mnaijua. Mimi nitawaonyesha tu namna ya kuiandika.» Kwa mtu aliyeitwa mjinga maisha yake yote, maneno yale ni makubwa. Mimi bado ninayo moyoni.

Kuna mambo uliyofanya kimyakimya, na leo tunayasema mbele ya watu. Hukumwita mtu ubaoni kabla hajainua mkono. Mama mmoja alipoacha kuja kwa sababu herufi zilikuwa zinacheza machoni pake, wewe ulimfuata kwake, ukamwambia tatizo ni macho, si kichwa. Ulimsindikiza kupimwa, na leo anasoma kwa miwani. Wenzetu wanaobeba mizigo, ambao vidole vyao vimekakamaa, uliwapa chaki na kibao kwanza, biki baadaye, mpaka mkono ukalegea. Umeme ulipokatika ulikuja na taa yako. Aliyefiwa, uliketi naye matangani, kisha ukamletea masomo yaliyompita. Tulipokosea, ulisema «karibu upate», na ulikuwa unamaanisha.

Sasa sikilizeni tunachofanya leo. Katika likelemba yetu, mchango wetu wa kupeana pesa kwa zamu, daftari ilikuwa inashikwa na kijana mmoja tuliyemlipa. Sasa tunaishika sisi. Kila mama anaona jina lake, anaona alichoweka, anatia sahihi mwenyewe. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, hatumpi tena mtoto wa jirani atusomee. Tunaona kiasi, tunaona jina la aliyetuma, na siri ya mfuko wetu inabaki yetu. Dawa ya mjukuu, tunasoma asubuhi kijiko kimoja na jioni kijiko kimoja. Mzee sentineli anaandika saa ya gari kuingia na saa ya kutoka. Na kuna baba mmoja hapa, hataki nimtaje, amesoma mwenyewe barua ya mwanawe aliye Kalemie. Miaka yote alikuwa anasomewa na watu. Alituambia kwamba safari hii alilia peke yake, na ndivyo alivyotaka.

Leo tulipoitwa kupokea vyeti, mmeona kile kitabu pale mezani. Hakuna aliyetia kidole. Kurasa zote ni majina.

Bwana Shefu, nina neno kwako, na ninalisema kwa heshima. Mama Mwalimu alitusomea Katiba yetu ya mwaka 2006. Kifungu cha 44 kinasema kuondoa ujinga wa kutojua kusoma ni wajibu wa taifa, na kwamba Serikali iwe na mpango wake kwa kazi hiyo. Sisi tumeona mwalimu anayenunua chaki kwa pesa ya nyumba yake. Tumeona anashuka kwa miguu wakati wa mvua, matope yakiteremka kutoka mlimani, kwa sababu nauli haipo. Tunakuomba ufikishe habari hii kwa wakubwa wako: ubao umepasuka, madawati ni ya watoto na magoti yetu hayaingii, na mwalimu huyu anastahili mshahara kama walimu wengine. Tumeandika barua. Sahihi zetu zote zipo chini. Nitakupa ukitoka.

Mume wa Mama Mwalimu, na nyinyi watoto wake, aksanti. Jioni zile zilikuwa zenu, mkatuachia. Tunajua chakula kilichelewa.

Mama Mwalimu, sisi si watu wa maneno mengi, lakini kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kihavu na kwa Kirega, kila mmoja wetu anakushukuru kwa lugha ya mama yake: aksanti, koko, aksanti sana. Mungu akuongezee nguvu na miaka. Wanaouliza kama tumemaliza, tumeshaandikisha majina ya ngazi ya pili, na tumewaleta majirani zetu, wapo pale nyuma. Wakaribishe kama ulivyotukaribisha sisi.

Tumekuchangia kitenge, pea nzima, na ndani yake kuna daftari. Kila mwanafunzi ameandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, bila kusaidiwa. Utazisoma nyumbani, taratibu.

Mama muuza makala, lete zawadi. Mama Mwalimu, tafadhali, pita hapa mbele uipokee. Na nyinyi wote, simameni mumpigie makofi!