Muhtasari wa Fomu ya Ridhaa: Utafiti wa Kidonge cha Dawa Mbili za Shinikizo la Damu

Ndugu mshiriki,

Fomu ya ridhaa uliyokabidhiwa ina kurasa 14, na si rahisi mtu kuyashika yote yaliyomo kwa kuisoma mara moja. Muhtasari huu unakueleza yale yanayokugusa zaidi. Hauchukui nafasi ya fomu yenyewe, na sahihi yako itawekwa kwenye fomu, si hapa.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba huu ni utafiti, si matibabu ya kawaida. Daktari wako wa kila siku hukuchagulia dawa kwa kuangalia hali yako, sisi hatutakuchagulia. Kompyuta ndiyo itakayokupanga kwa bahati nasibu katika kundi moja kati ya mawili: kundi linalomeza amlodipini peke yake, au kundi linalomeza amlodipini na telmisatani ndani ya kidonge kimoja. Vidonge vyote vinafanana kwa sura, hivyo wewe hutajua umepata kipi, na hata sisi tunaokuhudumia hatutajua mpaka utafiti utakapomalizika, isipokuwa itokee dharura inayomlazimu daktari kufungua siri hiyo. Dawa zote mbili zimekuwa zikitumika kwa miaka mingi. Tunachotafuta ni kama kuanza nazo kwa pamoja kunashusha shinikizo vizuri zaidi. Hatuwezi kukuahidi kwamba wewe binafsi utanufaika.

Kuhusu hatari, amlodipini inaweza kukuvimbisha vifundo vya miguu, kukuumiza kichwa au kukufanya uhisi joto usoni. Telmisatani inaweza kukuletea kizunguzungu, hasa unaposimama ghafla, na kwa baadhi ya watu hupandisha kiwango cha potasiamu katika damu au kusumbua figo, ndiyo maana tutakupima damu mara kwa mara. Mara chache sana midomo, ulimi au uso huvimba. Likitokea hilo usisubiri siku ya miadi wala usitupigie simu kwanza, bali nenda moja kwa moja kwenye chumba cha dharura na uonyeshe kadi yako ya utafiti. Kwa mwanamke, telmisatani inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo anayeweza kupata ujauzito anatakiwa kutumia njia ya uhakika ya uzazi wa mpango kwa muda wote wa utafiti, na akihisi ameshika mimba aache vidonge na atuarifu siku hiyohiyo. Ipo pia hatari isiyoonekana kwa macho: huenda kundi utakalopangiwa lisikufae, na shinikizo lako likabaki juu kwa wiki kadhaa kabla hatujabadilisha matibabu.

Wajibu wako ni kumeza kidonge kimoja kila siku, kufika kliniki mara 8 katika miezi 12, kutolewa damu mililita 10 katika ziara 4 kati ya hizo, na kurudisha vidonge vilivyobaki ili vihesabiwe. Ukisahau kumeza, tuambie ukweli. Hakuna atakayekugombeza, lakini hesabu ya uongo inaweza kuwaponza wagonjwa watakaotibiwa kwa kufuata matokeo haya. Tutajie pia dawa nyingine zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na usinunue dawa za maumivu kama ibuprofeni bila kutuuliza, kwa kuwa zikichanganywa na telmisatani zinaweza kuumiza figo.

Kushiriki ni hiari, na hiari hiyo haiishi ukishatia sahihi. Unaweza kujitoa siku yoyote, kabla ya kidonge cha kwanza au ukiwa umefika mwezi wa 11, kwa mdomo au kwa maandishi, na hudaiwi sababu. Matibabu yako ya kawaida hapa kliniki yataendelea kama yalivyokuwa. Ukitaka, unaweza kuacha vidonge tu na kuendelea kuja kupimwa. Tunachokuomba, bila kukulazimisha, ni kuja mara moja ya mwisho ili daktari akupangie dawa nyingine, maana kuacha ghafla bila mbadala kunaweza kupandisha shinikizo. Elewa hata hivyo kwamba taarifa zilizokwisha kukusanywa kabla hujajitoa zitabaki katika utafiti chini ya namba yako ya siri, bila jina. Damu iliyohifadhiwa, kwa upande mwingine, itaharibiwa ukituomba. Sisi nasi tunaweza kukusimamisha ikiwa afya yako itahitaji hivyo, na zikijitokeza habari mpya kuhusu hatari za dawa hizi tutakueleza mara moja, kisha utaamua upya.

Ukiumia kwa sababu ya utafiti, utatibiwa bila malipo, na sahihi yako haikuondolei haki yoyote ya kisheria. Kumbukumbu zako zinaweza kuonwa na wakaguzi na kamati ya maadili ya utafiti, ambayo unaweza kuipelekea malalamiko bila kupitia kwetu.

Nenda na fomu nyumbani, isome pamoja na mtu unayemwamini, kisha urudi na maswali. Kabla ya kutia sahihi tutakuomba utueleze kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa, na nakala moja yenye sahihi zote itabaki mikononi mwako.